Nina salio, kikomo ni 500,000, ada ni 460,000, apu inakataa. Tatizo nini?

kalamu_butu · Alhamisi, saa 2:41 usiku

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa nimepaniki kidogo, mnivumilie.

Ada ya muhula ya mwanangu ni 460,000 na mwisho wa kulipa ni leo. Kuhusu kungoja siku ya mwisho nimeshasemwa nyumbani, msinirudie. Kwenye akaunti nilikuwa na 640,000. Nimefungua apu ya benki, nikaingia malipo ya shule, nikaandika namba ya mwanafunzi, jina la mtoto likatokea sawasawa, nikaweka kiasi na namba ya siri. Jibu: "Muamala haujafanikiwa. Tafadhali jaribu tena baadaye." Nimerudia mara tatu, jibu ni lile lile na salio halijaguswa.

Nikahisi ni mambo ya kikomo. Kwenye mipangilio nikakuta kikomo kwa muamala ni 500,000 na kikomo cha siku ni 500,000. Ada ni 460,000, sasa hapo nimezidisha nini? Hata hivyo nikavipandisha vyote viwili hadi 1,000,000, ndipo apu inapoishia. Ikataka alama ya kidole na OTP, ikasema "Mabadiliko yamepokelewa". Nikajaribu tena, imekataa.

Nikaamua kugawa. 230,000 ya kwanza: "Muamala unashughulikiwa". Salio limeshuka chini kidogo ya 410,000 lakini shule haijanitumia meseji ya kupokea. 230,000 ya pili: haujafanikiwa.

Kwa hiyo salio lipo, kikomo nimepandisha, na nusu ya hela sijui imelala wapi. Nifanyeje?

---

shangazi_mtandaoni · saa 2:49 usiku

Pole baba. Kama salio halitoshi, apu nyingi sasa zina mkopo wa papo kwa papo, unachukua unalipa mwisho wa mwezi. Mimi ulinisaidia sana muhula uliopita.

---

kalamu_butu · saa 2:51 usiku

Shangazi, salio linatosha na linabaki. Hela ninayo, inakataa kutoka.

---

Mzee wa Fasta · saa 2:55 usiku

Hiyo ndogo sana mkuu. Kikomo cha siku kinaanza upya saa 6 usiku. Kaa macho, ikigonga saa 6 na dakika moja unatuma yote, imekwisha. Mimi nafanya hivyo kila mara.

---

kalamu_butu · saa 2:57 usiku

Lakini mwisho ni leo saa 5:59 usiku. Na bado sielewi kwa nini 460,000 ikatae kwenye kikomo cha 500,000.

---

Dirisha Namba Tatu · saa 3:04 usiku

Kwanza acha kubonyeza. Usitume tena 230,000, usijaribu 229,000 wala 200,000 kuona kama itapita. Kuna mifumo inayohesabu majaribio yaliyoshindwa, na yakizidi inaifunga apu kwa muda ikidhani simu imeibwa. Ukifungiwa usiku huu utabaki huna hata hicho kidogo kilichobaki.

Nimekaa dirishani miaka mingi, halafu nikahamishiwa kitengo kinachopokea malalamiko ya apu. Malalamiko ya namna yako huja kwa wingi wiki za kufungua shule, na karibu kila mara kuna kitu mteja amesahau kusema. Nijibu mawili:

Leo tangu asubuhi, kabla ya ada, kuna chochote ulichofanya kwenye apu hiyo? Kutuma kwa mtu, kununua umeme, vocha, chochote.

Na baada ya "Mabadiliko yamepokelewa", hakuna ujumbe mwingine uliokuja? Angalia meseji za simu, barua pepe, na ile kengele ya taarifa ndani ya apu.

---

kalamu_butu · saa 3:12 usiku

Asubuhi nilimtumia mdogo wangu 60,000. Mchana nikanunua umeme wa 12,000. Hivyo navyo vinahesabiwa? Umeme si kutuma hela.

Kwenye kengele kweli kuna taarifa sikuifungua: "Kikomo chako kipya kitaanza kutumika baada ya saa 24." Aisee.

---

Dirisha Namba Tatu · saa 3:25 usiku

Basi umeshajijibu, tupige hesabu tu.

Kikomo cha siku hakiulizi muamala huu ni wa kiasi gani. Kinauliza: pamoja na huu, jumla ya leo itafika ngapi? Ulikuwa umeshatumia 60,000 na 12,000, jumla 72,000. Kwenye 500,000 zikabaki 428,000. Ulipoomba 460,000 ukawa umepita kwa 32,000. Kikomo kwa muamala kilikuruhusu, kikomo cha siku kikakataa, na anayekataa ndiye anayesikilizwa. Ndiyo maana salio halikuguswa. Ukaguzi huo hufanyika kabla pesa haijaondoka, kwa hiyo kwenye yale majaribio matatu hakuna hela yako iliyopotea.

Ukagawa. 230,000 ikapita kwa sababu 428,000 zilikuwa bado zipo. Zikabaki 198,000. Ukaomba 230,000 nyingine, ikagonga ukuta ule ule. Na vile vikomo vya milioni ulivyoviona kwenye mipangilio ni ombi tu, havijaanza kazi. Seva bado inakupima kwa 500,000 mpaka kesho usiku saa hizi.

Umeme kuhesabiwa au kutohesabiwa hutegemea benki. Nyingine zina kapu moja la kila kitu, nyingine hutenga malipo ya bili, kutuma kwa watu, na kuhamisha kati ya akaunti zako mwenyewe. Kwako inaonekana ni kapu moja, lakini tuhakikishe bila kubahatisha. Rudi kwenye mipangilio ya vikomo, ubonyeze juu ya neno "Kikomo cha siku" lenyewe. Apu nyingi huficha humo kiasi kilichobaki leo. Niambie unaona ngapi.

---

kalamu_butu · saa 3:29 usiku

"Kilichobaki leo: 198,000." Umepiga palepale dada.

Hii apu ilishindwa nini kuniandikia hivyo kwenye jibu la kwanza? "Jaribu tena baadaye" ndiyo iliyonifanya nijaribu mara tatu.

---

Dirisha Namba Tatu · saa 3:34 usiku

Hilo tumewapigia kelele waandishi wa apu mpaka sauti zimekauka. Mfumo wa ndani unajua sababu, unaitoa kwa namba, halafu apu inazimeza sababu zote na kuzitolea sentensi moja. Kuna wanaosema ni usalama, mwizi asijue amekwama wapi. Mimi naona ni uvivu.

---

Pikipiki_Mbovu · saa 3:40 usiku

Na mimi yalinikuta kama haya haya. Nilimtumia mhasibu wa shule ada kwenye pochi yake ya simu, hela ikatoka kwangu, yeye hakupata, baada ya saa mbili ikarudi. Kumbe benki wana tatizo la vikomo! Ngoja nihame.

---

Dirisha Namba Tatu · saa 3:46 usiku

Yako ni nyingine, Pikipiki. Hela ikitoka kisha ikarudi, mara nyingi aliyekataa ni upande wa kupokea. Pochi za simu zina kiwango cha juu cha salio zinachoweza kubeba, na wiki ya ada pochi ya mhasibu hujaa. Wewe kupandisha kikomo chako kusingebadilisha kitu. Na kumlipa mhasibu kwenye pochi yake binafsi badala ya akaunti ya shule, hilo uliangalie kivyake.

---

Risiti · saa 3:50 usiku

Kwenye hilo la mwisho naomba nisimame hapo hapo. Mimi ni mhasibu wa shule (si ya mleta uzi). Mzazi akinilipa kwenye simu yangu, kwenye mfumo wa shule hajalipa. Atakuwa amenikopesha mimi.

Mleta uzi, nikuambie upande wetu unavyoona. Hiyo 230,000 yenye "unashughulikiwa", ikitufikia na namba ya mwanafunzi itaingia kwenye jina la mtoto yenyewe, na deni litabaki 230,000. Shule nyingi mfumo unapokea vipande bila shida, sharti kila kipande kiwe na namba ile ile ya mwanafunzi. Ila kuna namba za malipo zinazotolewa kwa kiasi kamili, ukituma pungufu zinakataa. Yako ingekuwa ya aina hiyo, 230,000 isingekubalika hata kuanza, kwa hiyo nadhani uko salama.

Kitu cha pili ni tarehe. Skrinishoti ya saa 5 usiku hainisaidii. Naangalia tarehe ambayo benki yetu imeandika kwamba pesa imeingia, na malipo ya usiku wakati mwingine huandikwa tarehe ya siku ya kazi inayofuata. Mwandikie mhasibu sasa hivi, kabla ya saa ya mwisho. Taja namba ya mwanafunzi, namba ya muamala wa hiyo 230,000, na useme kiasi kilichobaki kinaingia lini. Aliyeandika kabla ya muda namtetea kwa mkuu wa shule. Aliyekuja kesho yake na hadithi, simtetei.

---

kalamu_butu · saa 4:03 usiku

Nimemwandikia mhasibu. Asante Risiti.

Sasa nitume 198,000 leo halafu 32,000 baada ya saa 6, au ningoje nitume 230,000 yote kwa pamoja?

---

Dirisha Namba Tatu · saa 4:11 usiku

Usitume chochote mpaka ile ya kwanza ijulikane imefika au imekufa. "Unashughulikiwa" maana yake benki yako imeshakata, imepeleka, na haijapata jibu. Inaweza kukamilika, inaweza kurudi. Ikirudi, salio litarudi, lakini kile kihesabio cha kikomo si lazima kirudi nalo. Kuna mifumo inayokisahihisha mara muamala unapofutwa, na kuna inayokiacha vile vile mpaka siku iishe. Ukituma 198,000 sasa halafu 230,000 ikarudi, utakuwa umelipa 198,000 tu na huna nafasi tena leo.

Fungua orodha ya miamala, angalia hali ya huo mmoja kila baada ya dakika 15. Ukifika saa 5 bado unaning'inia, piga huduma kwa wateja na uwape namba ya muamala. Usiwape maelezo ya "nimelipa ada haijafika", maana hiyo inawapeleka kwenye fomu ya malalamiko ya siku kadhaa. Sema: naomba mniambie hali ya muamala namba fulani.

---

Huduma_Haraka · saa 4:14 usiku

*[Ujumbe huu umeondolewa na msimamizi]*

---

Fundi Mashine · saa 4:17 usiku

Kabla haujaondolewa niliusoma. Eti anapandisha limiti kwa dakika tano, mtu amtumie namba ya simu na OTP itakayokuja. Mleta uzi, kama amekufuata inboksi usimjibu.

---

kalamu_butu · saa 4:19 usiku

Amekuja inboksi kweli. Nimemzuia. Nilivyokuwa nimechanganyikiwa saa mbili hivi, angekuja wakati ule sijui.

---

Dirisha Namba Tatu · saa 4:26 usiku

Na ndiyo sababu ya zile saa 24 zinazokuudhi. Mwizi akishaihamisha laini yako kwenye kadi yake ya simu, OTP zote zinakwenda kwake. Jambo lake la kwanza ni kupandisha kikomo, la pili ni kukomba akaunti. Muda wa kusubiri unakupa nafasi ya kuona ile taarifa na kupiga simu kabla la pili halijafika. Huduma kwa wateja hata ukiwalilia hawauondoi, na wengi hawana hata kitufe cha kuuondoa. Kushusha kikomo, kwa upande mwingine, huanza kazi hapo hapo, maana kushusha hakumfaidi mwizi.

---

MamaWatatu · saa 4:35 usiku

Naomba kuuliza humu humu. Nina watoto watatu shule moja, kila mmoja 460,000 (nadhani shule yetu na ya mleta uzi bei zimekaa kikao kimoja). Jumla 1,380,000. Apu yangu inaishia 1,000,000 hata nikipandisha, na akaunti yangu niliifungulia kwenye simu, sijawahi kukanyaga tawini. Ninazo wiki mbili.

---

Mzee wa Fasta · saa 4:38 usiku

Dada fungua akaunti ya pili benki hiyo hiyo. Kila akaunti ina kikomo chake. Hela unagawa, unalipa kwa zote mbili.

---

Fundi Mashine · saa 4:44 usiku

Inategemea, Mzee. Mimi nina akaunti mbili benki moja, ya mshahara na ya akiba, na nilidhani hivyo hivyo. Nikajaza kikomo kwa moja, nikahamia nyingine, ikakataa muamala wa kwanza kabisa. Kikomo kilikuwa kimefungwa kwenye mtumiaji wa apu, siyo kwenye akaunti. Nilishinda siku nzima nawalaumu watu wa mtandao.

---

Dirisha Namba Tatu · saa 4:58 usiku

Mama, wewe una muda kwa hiyo usihangaike. Njia rahisi ni kulipa mtoto mmoja kwa siku, siku tatu. Kila mtoto ana namba yake, huhitaji kugawa ada ya mtu mmoja, na hata wenye kikomo cha 500,000 wanaweza, mradi siku hiyo wasinunue vitu vingine vikakula nafasi kama ilivyotokea hapa.

Ukitaka zote siku moja, nenda tawini na kitambulisho. Hapo unaweza kuhamisha dirishani, na vikomo vya apu havihusiki na dirisha, au ukajaza fomu ya kupandishiwa kikomo kupita kile apu inachokuruhusu. Kwa kuwa akaunti yako ulifungulia kwenye simu, kuna uwezekano ipo kwenye daraja la chini, lile la wateja ambao benki haijaona nyaraka zao ana kwa ana. Ikiwa ndivyo, fomu ya kikomo peke yake haitafanya kitu mpaka wakuhakiki kwanza: kitambulisho, uthibitisho wa makazi, wakati mwingine na chanzo cha mapato. Ukifika usiseme "nataka kikomo". Uliza kwanza, "akaunti yangu iko daraja gani?"

Kuna na ukuta mwingine mdogo ambao watu hawautarajii. Benki kadhaa huweka kikomo maalumu kwa mpokeaji mpya, kwa siku ya kwanza au zaidi baada ya kumsajili. Kama shule unailipa kwa akaunti na siyo kwa menyu ya malipo ya shule, msajili leo, hata kama utalipa wiki ijayo.

---

kalamu_butu · saa 5:02 usiku

IMEFIKA. Meseji ya shule: wamepokea 230,000, deni 230,000. Kwenye apu imebadilika kuwa "Umekamilika".

Natuma 198,000.

---

kalamu_butu · saa 5:06 usiku

198,000 imepita mara moja na shule wamejibu. Kilichobaki leo: 0. Deni 32,000.

Hii inanisaidia kujua kitu kimoja: makato ya miamala hayakuhesabiwa kwenye kikomo, maana 198,000 ilibaki kamili ingawa walinikata ada ya muamala kwenye ile ya kwanza.

---

Fundi Mashine · saa 5:10 usiku

Kwangu makato yanahesabiwa. Nikitaka kumaliza kikomo lazima niache nafasi ya makato, la sivyo inakataa.

---

Dirisha Namba Tatu · saa 5:13 usiku

Nimeona zote mbili. Hata ndani ya benki moja nimeona njia mbili zikihesabu tofauti.

---

shangazi_mtandaoni · saa 5:15 usiku

Kwani hiyo 32,000 si umwambie huyo mdogo wako uliyempa 60,000 asubuhi alipe kwa simu yake? Namba ya mwanafunzi haijali nani analipa.

---

kalamu_butu · saa 5:24 usiku

Shangazi, hilo lilikuwa wazo bora kuliko yote humu. Nimempigia. Ameshazitumia.

---

Risiti · saa 5:27 usiku

😂 Pole. Deni la 32,000 kwenye 460,000 na barua umeshaandika, hakuna mhasibu atakayemrudisha mtoto kwa hilo. Lakini shangazi amesema kweli: mlipaji anaweza kuwa yeyote. Tunachosoma ni namba ya mwanafunzi.

---

kalamu_butu · Ijumaa, saa 6:07 usiku

Mzee wa Fasta, ni saa 6 na dakika saba na imekataa. Kilichobaki leo bado inaandika 0.

---

Mzee wa Fasta · saa 6:10 usiku

Haiwezekani. Mimi huwa inakubali! Zima simu uwashe.

---

Fundi Mashine · saa 6:15 usiku

Usizime simu, kalale.

---

Dirisha Namba Tatu · saa 12:48 asubuhi

Nilikuwa nimelala. Mzee yuko sahihi nusu. Benki nyingi huhesabu siku kwa tarehe, lakini tarehe ya benki haigeuki kwa sababu saa yako ya ukutani imegonga. Usiku kuna kazi ya kufunga siku: kukokotoa riba, kupatanisha hesabu, kutengeneza taarifa. Mfumo ukimaliza ndipo unaingia tarehe mpya, na vihesabio vinarudi sifuri. Siku ya kawaida hiyo ni dakika chache. Mwisho wa mwezi, au wiki za malipo mengi, inaweza kusogea mbele.

Halafu kuna benki zisizotumia tarehe kabisa, zinarudi nyuma saa 24 kutoka dakika unayotuma. Kwa hizo, 230,000 uliyotuma jana usiku inaendelea kukukalia mpaka leo usiku saa ile ile, na kungoja saa 6 ni kupoteza usingizi. Yako imeandika "leo", kwa hiyo nadhani ni ya tarehe. Jaribu sasa.

---

kalamu_butu · saa 1:05 asubuhi

32,000 imepita. Deni sifuri. "Kilichobaki leo" inaonyesha 468,000, kwa hiyo ni ya tarehe kweli na kikomo ni kile kile cha 500,000. Mhasibu amejibu barua kwa neno moja: "Sawa."

---

nanga · saa 4:20 asubuhi

Nimesoma uzi wote. Swali la pembeni: shule yetu ina tovuti ya kulipia kwa kadi. Mimi hunijia "Declined: 61". Nayo ni haya haya?

---

Fundi Mashine · saa 4:33 asubuhi

Hapa ndipo ninapokula mkate wangu, nashughulika na mashine za kadi. Ndiyo, 61 ni kiasi kimezidi kikomo cha kadi. Ingekuwa 65, ni idadi ya mara umezidisha. 51 ni salio halitoshi, na 91 ni benki yako haijibu, hiyo ndiyo pekee kati ya hizo ambayo "jaribu tena baadaye" ina maana. Kumbuka kikomo cha kadi kwa kawaida ni kingine na cha kutuma kwa apu ni kingine. Unaweza kuwa umejaza kimoja na kingine hujakigusa. Mleta uzi angekuwa na shule inayopokea kadi, ile 32,000 angeimalizia huko jana usiku.

---

kalamu_butu · saa 3:10 usiku

Mrejesho wa mwisho kwa upande wangu. Zile saa 24 zimeisha, apu sasa inasoma 1,000,000 kwa muamala na kwa siku. Swali: niiache hapo au nirudishe? Mke wangu anasema niache, muhula ujao utafika.

---

Dirisha Namba Tatu · saa 3:31 usiku

Mimi ningeishusha usiku huu. Kikomo ndicho kiasi unachoweza kupoteza kwa siku moja simu ikianguka mikononi mwa mtu. Weka kikumbusho kwenye kalenda siku tatu kabla ya ada, upandishe, ulipe, ushushe. Apu nyingine zina chaguo la kupandisha kwa muda, unaweka tarehe ya mwisho na kinashuka chenyewe.

---

Mzee wa Fasta · saa 3:36 usiku

Mimi yangu iko juu miaka yote na sijaibiwa. Kupandisha na kushusha kila muhula ndiko kutakufanya usahau tena na uje kufungua uzi wa pili.

---

kalamu_butu · saa 3:40 usiku

Nyote mnanijua vizuri sana. Nimeweka 600,000. Ada, umeme na mdogo wangu wanaenea humo.

---

MamaWatatu · Jumanne, saa 8:52 mchana

Nimerudi na mrejesho. Nilikwenda tawini asubuhi, nikauliza "akaunti yangu iko daraja gani?" kama nilivyofundishwa. Kijana wa dirishani akaniangalia mara mbili. Ni kweli ilikuwa daraja la chini. Wamenihakiki, nimejaza fomu, nimeomba 2,000,000, wakasema tayari, nenda. Nimefika kituo cha basi nikafungua apu.

Kikomo kwa muamala: 2,000,000.
Kikomo cha siku: 1,000,000.

Nimerudi kwenye foleni.